Kazi 13 kwenye wasifu, na tisa kati yake ni kazi moja

*"Niliacha kazi ya msaidizi wa mhasibu Desemba 2019. Tangu hapo nimeishi kwa mikataba mifupi mifupi: kufunga vitabu vya maduka, mishahara ya mafundi wa mkandarasi, hesabu za shule, chama cha kuweka na kukopa, na mwaka 2024 nilimshikia nafasi kwa miezi 6 mhasibu aliyekwenda likizo ya uzazi. Katikati nilipiga picha za harusi, nikafundisha kompyuta, nikakusanya takwimu za utafiti. Wasifu wangu una kazi 13 kwenye kurasa 4 na siitwi popote. Rafiki mmoja ananiambia nijiandike mkurugenzi wa kampuni yangu. Mwingine anasema niondoe tarehe zote, nibakize ujuzi tu. Orodha nzima nimeiambatanisha. Nishike lipi?"*

Usishike lolote kati ya hayo mawili. Sababu nitazieleza, lakini kwanza kuna jambo kwenye orodha yako ambalo nadhani wewe mwenyewe hujaliona. Duka la vifaa vya ujenzi umeliandika mara 4. Januari hadi Februari 2020, halafu Januari hadi Februari 2021, halafu 2022, halafu 2023, kila safari na mstari wake, cheo chake na tarehe zake. Mwenye duka amekuita miaka 4 mfululizo umfungie vitabu. Katika yote uliyoniletea, hakuna linalokusifu kuliko hilo, na umeliandika kana kwamba ulifukuzwa mara 4.

Ugonjwa wa wasifu wako ndio huo. Mtu anayepanga maombi haanzi na maelezo. Jicho lake hushuka chini likiokota vitu vitatu: cheo, mwajiri, tarehe. Cheo, mwajiri, tarehe. Akiona tarehe ya kuanza na ya kumaliza zimekaribiana, anajijazia mwenyewe kilichotokea mwishoni: aliacha, au aliachishwa. Kwa mtu wa kuajiriwa hilo mara nyingi ni kweli. Kwa mtu wa mikataba, mwisho maana yake ni kwamba kazi ilikwisha, ukakabidhi, ukalipwa. Lakini ukiandika mkataba kwa umbo lile lile la ajira, msomaji naye atausoma kama ajira.

Nayajua haya kwa sababu nimeyatenda. Kuna wakati niliisaidia ofisi moja kuchambua maombi, nikakutana na wasifu wenye mistari 11 katika miaka 4. Nikaandika pembeni kwa penseli, "hatulii", nikauweka kando. Miezi kadhaa baadaye nikamkuta mtu yule yule kwenye ofisi nyingine, ameitwa kuwawekea sawa hesabu zao, na wenyeji wakamtambulisha kwangu kama mtu wao wa kila mwaka. Penseli yangu haikuwa imekosea kusoma. Karatasi ndiyo iliyoniambia hivyo.

Orodha yako ina kasoro ya pili, ndogo lakini mbaya. Mwaka 2021 umeandika duka la dawa, Aprili hadi Mei, na mkandarasi, Machi hadi Desemba. Kwako ni jambo la kawaida, wateja wawili kwa wakati mmoja. Kwa anayesoma mistari ya ajira ni tarehe zilizopandana, na tarehe zilizopandana huleta wazo kwamba kuna moja ya uongo. Ukiwaweka wateja wote chini ya kazi moja, hilo linajifuta lenyewe.

Sasa nirudi kwa rafiki zako. Huyu wa "mkurugenzi" anakutakia mema, ila hajafikiria nani atasoma. Anayetafuta mhasibu akikuta Mkurugenzi Mtendaji, atauliza kampuni imesajiliwa wapi, ina wafanyakazi wangapi, na kama mkurugenzi atakubali kutumwa. Jibu la kweli likiwa "nilikuwa peke yangu na kompyuta yangu," umejivua nguo kwenye usaili wa kazi ambayo mtaji wake ni kuaminiwa na fedha za watu. Kama ungekuwa umesajili jina la biashara kweli, na ankara zako zikatoka kwa jina hilo, ningekuambia liandike mahali pa mwajiri. Hata hivyo cheo kingebaki kile cha kazi uliyoifanya kwa mikono yako.

Wa kuondoa tarehe naye ana hoja yake, kwa kuwa tarehe ndizo zinazokuumiza. Lakini zikitoweka, msomaji hasemi "huyu ana ujuzi mwingi." Anasema "huyu anaficha nini?" Tena hawezi kujua kama ulilinganisha vitabu na benki mwaka jana au miaka 10 iliyopita. Na pale ambapo maombi yanapokelewa kwa programu ya kompyuta, programu hiyo hutafuta cheo, mwajiri na tarehe vikiwa pamoja. Isipovipata, mara nyingi inaacha nafasi wazi au inaingiza maneno yako mahali pasipo pake, na wewe hutajua.

Kinachotakiwa ni tarehe kubaki, ila za kitu kimoja. Anza hivi, kabla hujagusa wasifu wenyewe. Chukua karatasi, andika miezi kwenda chini tangu Januari 2020, na mbele ya kila mwezi andika nani alikulipa, kwa kazi gani, na kama nani. Hilo la "kama nani" ndilo watu huliruka. Nimekufanyia zoezi hili kwa orodha yako, na kazi 13 zimejigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mistari 9 ya kutunza hesabu kwa mkataba wako mwenyewe. Mistari hiyo 9 ni wateja 5 tu: duka la vifaa vya ujenzi mara 4, duka la dawa mara 2, kisha mkandarasi, shule na chama cha kuweka na kukopa mara moja moja. Fungu la pili ni ile miezi 6 ya likizo ya uzazi. Hapo ulikuwa kwenye orodha ya mishahara ya kampuni, ukakatwa makato kama wafanyakazi wengine, kwa hiyo ulikuwa mwajiriwa wa muda. Hiyo isiingie kwenye kazi za kujitegemea hata kidogo, isimame peke yake na jina la kampuni. Ukiichanganya, siku mtu akipiga simu kuhakiki, kampuni itasema "ndiyo, alikuwa mfanyakazi wetu," na wewe umeandika mteja. Si kosa la jinai, lakini utajikuta unajieleza bila sababu. (Kwa wengine mnaosoma: kama mliwekwa kazini na wakala, na wakala ndiye aliyewalipa, basi mwajiri ni wakala, na ofisi mliyokaa hutajwa ndani ya maelezo.) Fungu la tatu ni harusi, kompyuta na utafiti. Nitalirudia.

Sasa tarehe za fungu la kwanza. Mkataba wa kwanza ulianza Januari 2020, wa mwisho ukaisha Juni 2023. Hiyo ni miezi 42. Nimehesabu ile uliyokuwa na mteja kweli, nikapata 29. Miezi 13 ilikuwa mitupu, na pengo refu kuliko yote lilikuwa la nusu mwaka, Julai hadi Desemba 2020. Mimi hujiwekea kipimo hiki: kazi ikijaza zaidi ya nusu ya miezi, na pasipo pengo la kuzidi nusu mwaka, ni haki kuandika kipindi kimoja, maana mtu anayejitegemea hana kazi kila siku na kila mwajiri anajua hivyo. Ingekuwa miezi 10 kati ya 42, ningekukatalia. Hapo ningesema andika kila mwaka na mikataba yake, au kubali pengo na ulieleze kwa maneno matano.

Najua mkono utakuwasha uandike "2020 hadi sasa." Usiandike. Tangu Juni 2023 huna mteja wa hesabu hata mmoja, na swali la kwanza la msaili litakuwa, "Kwa sasa unamfanyia nani?"

Baada ya hapo sehemu yenyewe inaandikika kwa muda mfupi. Kwa vitu ulivyonitumia, mimi ningeiandika hivi:

> Mtunza hesabu wa kujitegemea
> Januari 2020 – Juni 2023
>
> Wateja 5, mikataba ya miezi 2 hadi 10: kufunga hesabu za mwaka, mishahara, na kurekebisha vitabu vilivyochelewa. Wateja 2 waliniita tena baada ya mkataba wa kwanza.
>
> – Kufunga hesabu za mwaka. Duka la jumla la vifaa vya ujenzi, miaka 4 mfululizo (2020–2023), na duka la dawa (2020, 2021). Kuhesabu mali iliyobaki stoo, kuhakiki wadaiwa, kuandaa urari na mizania.
>
> – Kurekebisha vitabu vilivyochelewa. Chama cha kuweka na kukopa, miezi 3 (2023). Kulinganisha kitabu cha fedha na taarifa za benki za miezi 18 na kufunga tofauti zote.
>
> – Mishahara. Mkandarasi wa ujenzi, miezi 10 (2021). Malipo ya kila wiki ya mafundi 60, pamoja na makato.
>
> – Kuhamisha hesabu. Shule binafsi, miezi 5 (2022). Kutoka vitabu vya mkono kwenda programu ya hesabu, akaunti 400 za ada za wanafunzi.

Linganisha na ulivyokuwa umeandika shule: "Machi–Julai 2022, Mhasibu wa Mkataba, nilisaidia shughuli mbalimbali za uhasibu shuleni." Maneno hayo hayasemi kitu. "Nilisaidia" inamwacha msomaji akijiuliza nani alifanya. Akaunti 400 zinamwambia ukubwa wa kazi papo hapo, na mtu aliyewahi kuhamisha hesabu kutoka daftarini atajua ulilala saa ngapi.

Angalia pia kwamba nimepanga kwa aina ya kazi, wala si kwa mteja. Hapo ndipo vipande vinapogeuka kitu kimoja. Ungeorodhesha wateja 5 chini ya kichwa kimoja bila aina, ungekuwa umelihamishia tu lile rundo la zamani chumba kingine. Aina ya kazi inamruhusu mwajiri atafute shida yake mwenyewe. Mwenye vitabu vilivyolala mwaka mzima ataenda moja kwa moja kwenye kile chama, na hatajali kwamba ulikaa miezi 3 tu. Atafurahi kwamba ilikuwa miezi 3.

Mpangilio wa vifungu hivyo vinne haujagandishwa. Tangazo la kazi likitaja mishahara kwanza, mkandarasi apande juu. Duka la vifaa vya ujenzi mimi nisingelishusha chini ya nafasi ya pili kwa tangazo lolote, kwa sababu ile "miaka 4 mfululizo" ndiyo inayoua neno "hatulii" kabla halijaandikwa kwa penseli. Ukifika vifungu sita au saba, kata. Kifungu ambacho hungependa kuulizwa habari zake kwenye usaili ndicho cha kukata.

Umeona sikutaja jina la mteja yeyote. Kwa maduka madogo jina halikuongezei kitu, na aina na ukubwa vinatosha. Mteja akiwa anajulikana, na akikuruhusu, mtaje. Muulize kwa ujumbe wa maandishi, ili ruhusa nayo iwe ya maandishi. Kuhusu kile chama, umesema ulitia saini mkataba wa kutunza siri. Kwa kawaida "chama cha kuweka na kukopa" hakimtambulishi mtu, lakini ukiongeza kwamba ni cha watu wa taaluma fulani katika mji fulani, umekitaja bila kukitaja. Na jambo moja la watu wa hesabu hasa: usiandike kamwe mauzo wala faida ya mteja. Nimeona wasifu unaojisifu hivyo, "nilisimamia duka lenye mauzo ya kiasi fulani." Mwajiri akisoma takwimu za mwenzake kwenye karatasi yako, anaona za kwake kwenye wasifu wako ujao.

Sasa lile fungu la tatu. Kwa kazi ya uhasibu, picha za harusi, darasa la kompyuta na ukusanyaji wa takwimu hazistahili mistari mitatu yenye vyeo. Lakini usizifute pia. Tazama karatasi ya miezi: takwimu zilikuwa Septemba hadi Novemba 2020, kompyuta ni mwishoni mwa 2022, picha ni Julai hadi Novemba 2023. Zote zimeangukia kwenye mapengo. Ziweke chini kabisa kwenye mstari mmoja: "Kazi nyingine, 2020–2023: mkusanyaji wa takwimu, mwalimu wa kompyuta, mpiga picha." Anayeshtuka kwamba kati ya Juni 2023 na Januari 2024 hakuna kitu atakuta jibu bila kukuuliza, na asiyejali ataupita mstari huo bila kuona. Kama siku moja utaomba kazi ya kufundisha watu programu za hesabu, hapo mwalimu wa kompyuta apandishwe daraja.

Kwa jumla, wasifu wako sasa una vitu vitatu vyenye tarehe, kwenda chini: mhasibu wa muda, Januari hadi Juni 2024, mtunza hesabu wa kujitegemea, Januari 2020 hadi Juni 2023, msaidizi wa mhasibu, hadi Desemba 2019. Chini yake ule mstari mmoja. Kurasa 2 zinatosha na nafasi inabaki. Andika mwezi na mwaka kila mahali, na maneno yashuke chini moja kwa moja, bila jedwali wala safu mbili za pembeni, maana huko ndiko programu za kupokea maombi huchanganya mambo. Ukikuta fomu yenye kisanduku cha jina la mwajiri kinachokataa kuachwa wazi, jaza "Kujitegemea" mara moja, kwa kipindi chote. Penye sababu ya kuondoka andika "mikataba ilikamilika." Usiwaingize wateja 5 kama waajiri 5. Utakuwa umerudi ulikotoka.

Ila kuna fomu ambazo haya yote hayahusu. Bodi ya taaluma inayokuhesabia uzoefu, ofisi ya uhamiaji, au uhakiki wa kiusalama unaokutaka utaje kila ulikofanya kazi, huko unaandika kila mkataba na tarehe zake, mmoja mmoja. Kwenye fomu unayotia saini kwamba yaliyomo ni kamili, kufupisha kunaweza kusomwa kama kuficha. Hiyo karatasi ya miezi usiitupe, ndiyo utakayonakilia siku hiyo. Na kama kazi unayoitaka inadai miaka kadhaa chini ya mhasibu aliyesajiliwa, ujue kwamba kuzipanga vizuri kazi zako hakuzigeuzi kuwa uzoefu wa aina hiyo. Nenda ofisi za bodi na mikataba yako mkononi, uwaulize watahesabu ipi. Wakikuambia ni ile miezi 6 tu, angalau umejua kabla ya kuomba.

Pia onana na mwanasheria kabla hujaandika chochote kuhusu kile chama ikiwa mkataba wa siri unakataza hata kusema kwamba uliwafanyia kazi. Mikataba ya hivyo ipo, na maneno yake siwezi kuyaamua bila kuyasoma. Mkao wa nusu saa na karatasi yenyewe mezani unatosha.

Limebaki la ushahidi, na hapa wanaojitegemea huwa dhaifu kuliko wanavyodhani. Aliyeajiriwa ana ofisi ya utumishi ya kuthibitisha tarehe zake. Wewe huna. Kusanya mkataba au ujumbe wa makubaliano kwa kila mteja, ankara ulizotoa, na ukurasa wa taarifa ya benki unaoonyesha malipo yakiingia. Huviambatanishi kwenye maombi. Unavitunza kwenye bahasha moja ili ukiulizwa uvitoe siku hiyo hiyo. Asiye na mkataba wa maandishi, kama nadhani ilivyo kwa duka la dawa, amwombe mteja barua fupi sasa, wakati bado anamkumbuka.

Kwa wadhamini, weka mkuu wa ile ofisi ya likizo ya uzazi na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huyu wa pili mpigie kabla. Watu wa maduka hawakumbuki tarehe. Akiulizwa ghafla anaweza kusema "aah, huyo huja siku mbili tatu mwanzo wa mwaka," naye kwa moyo mweupe atakuwa amekuharibia. Mtumie kile kifungu kinachomhusu kama ulivyokiandika, mkubaliane kwamba ilikuwa Januari na Februari, miaka 4. Akikurekebisha, rekebisha wasifu, maana duka ni lake na daftari analo.